Mtama wa Mweleka na Kitunda Kinacholiwa Njiani: Istilahi Mbili za Sataranji na Hatima Zao

Sataranji ni mchezo ulioacha maneno katika vinywa vya watu wengi ambao hawajawahi kuugusa ubao wake. Jina lenyewe limesafiri. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, Kiarabu kikalipokea kutoka Kiajemi, nacho Kiajemi kililitoa katika Kisanskriti, ambako maana yake ilikuwa 'viungo vinne', yaani vikosi vinne vya jeshi la kale la Bara Hindi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kete kuu ya mchezo huo, mfalme, Waajemi waliiita shah. Neno hilo ndilo asili ya 'shaha', ambalo washairi wa Kiswahili humvika bingwa wao. Neno hilohilo lilipozunguka Ulaya kupitia Kifaransa liliishia katika Kiingereza likiwa tamko la kumtahadharisha mfalme aliyetishwa, kisha likapata maana ya kuzuia na kuhakikisha, na hatimaye likawa karatasi ya benki. Mkenya anayeandika cheki, kwa hiyo, anamtaja mfalme wa Uajemi bila kujua.

Makala haya yanashughulikia istilahi mbili tu kati ya nyingi za mchezo huu. Ya kwanza ni ya Kifaransa, nayo huandikwa en passant. Ya pili ni gambiti. Zote mbili ni za kigeni hata kwa Waingereza wanaozitumia, na zote mbili hutajwa kwa kawaida na wachezaji. Hata hivyo hatima zao zimeachana. Istilahi ya kwanza imebaki ubaoni na maana yake ya kisataranji haijavuka mpaka. Ya pili imetoroka, ikaingia katika mazungumzo ya siasa, kisha katika lugha ya biashara, na leo ni vigumu kusoma kurasa za uchumi za gazeti la Kiingereza kwa muda mrefu bila ya kukutana nayo. Mwandishi wa habari au mfasiri wa Kiswahili anapolikuta neno hilo hulazimika kuamua alipe sura gani, na aghalabu uamuzi huo humponyoka kwa sababu hajui neno lilikotoka wala lilichopoteza njiani.

Inafaa kuanza na ile iliyobaki nyumbani.

Kitunda, ambacho ndicho askari wa miguu wa mchezo, huenda mbele mraba mmoja kwa zamu moja, nacho hula kwa mshazari. Katika sataranji ya zamani mwendo huo wa mraba mmojammoja ulifanya michezo ianze polepole mno. Ndipo Ulaya ya enzi za kati ikakiruhusu kitunda kipige hatua mbili pale tu kinapoondoka mahali pake pa kwanza. Ruhusa hiyo ilileta kasi, lakini ilileta pia ujanja. Kitunda cha adui kilichokwisha kusogea mbele hadi safu ya tano kilikuwa kimejipatia haki ya kulinda miraba miwili iliyo mbele yake kwa mshazari. Kitunda cha upande wa pili kingalitembea mraba mmoja, kingaliingia katika ulinzi huo na kuliwa. Kwa kuruka miraba miwili kiliupita mlango wa mlinzi na kusimama kando yake, salama salimini. Kanuni inayojadiliwa hapa ilibuniwa ili kuuziba mwanya huo.

Tuseme Mweupe ameanza kwa kukisogeza kitunda kilicho mbele ya mfalme wake hadi e4, na Mweusi akajibu kwa kukisogeza cha kwake mraba mmoja hadi e6. Mweupe anaendelea hadi e5. Sasa kitunda hicho cheupe kinalinda d6 na f6. Mweusi anakitoa kitunda kilicho mbele ya malkia wake kutoka d7 na kukirusha hadi d5, kikawa ubavuni mwa kitunda cheupe. Mweupe ana haki ya kukila kana kwamba kilitembea hatua moja tu. Kitunda cheupe kinaondoka e5 na kutua d6, mraba ambao hauna kitu, na kitunda cheusi kinaondolewa kutoka d5. Huu ndio ulaji pekee katika mchezo mzima ambapo kete inayokula haitui pale ilipokuwa kete iliyoliwa. Baada ya hapo Mweusi anaweza kulipiza kwa askofu wake au kwa kitunda kilicho c7, na mchezo ukaendelea kama kawaida.

Masharti yake ni makali. Anayekula lazima awe kitunda, na anayeliwa lazima awe kitunda. Anayeliwa lazima awe ametoka kupiga hatua mbili kwa mpigo mmoja, na lazima aliwe katika zamu inayofuata papo hapo. Mchezaji akifanya jambo jingine kwanza, haki imekufa wala haifufuki. Wanagenzi wengi hukosea hapo: hukumbuka kanuni zamu mbili baadaye na kudai haki iliyokwisha muda. Wengine hudhani kwamba malkia au askofu naye anaweza kula hivyo. Wengine hawaijui kabisa, na kitunda chao kinapoondolewa kutoka mraba ambao hakuna aliyeukanyaga huamini kwamba wamelaghaiwa. Waitaliano waliikataa kanuni hii kwa muda mrefu, wakakiruhusu kitunda kipite bila ya kuguswa, hadi walipokubali kufuata wenzao mwaka 1880.

Maana ya neno kwa neno ya istilahi hiyo ni 'katika kupita'. Mfaransa huitumia kila siku pasipo kufikiria ubao, kama vile Mswahili anavyosema kwamba jambo fulani amelitaja kwa kupita tu. Lakini msomaji wa sarufi atagundua utata uliomo. Nani anayepita? Kwa kawaida ya Kifaransa, muundo huo humrejelea mtendaji wa kitenzi kikuu. Anayekula ndiye anayetarajiwa kuwa apitaye, kama mtu anayechuma tunda njiani bila ya kusimama. Ubaoni mambo ni kinyume: anayepita ni yule anayeliwa, na kosa lake ni huko kupita. Kiingereza kiliuchukua usemi huo mzima pamoja na utata wake. Kiswahili, kwa bahati, kina upatanisho wa ngeli unaoweza kuumaliza. 'Kula katika kupita' kunabakiza shaka ileile ya Kifaransa. 'Kukila kinachopita' hakubakizi shaka yoyote, kwa kuwa kiambishi cha mtendwa na kile cha apitaye ni kimoja.

Ikumbukwe kwamba Waingereza walikuwa na usemi huo wa Kifaransa katika mazungumzo yao kabla ya kuutumia kama istilahi ya mchezo. Kwa hiyo Mwingereza anayesema leo kwamba amegusia jambo kwa namna hiyo hajaazima chochote kutoka sataranji. Maana ya kila siku na maana ya ubaoni zinaishi nyumba mbili zilizopakana, na mlango wa kati haukupata kufunguliwa.

Gambiti ni hadithi nyingine. Asili yake ni neno la Kiitaliano ambalo kwa matamshi ni gambeto, lililoundwa kutokana na gamba, yaani mguu. Msomaji asilichanganye na gamba la samaki. Ni mshabaha wa sauti tu. Mguu huo ndio pia uliowapa Wafaransa neno lao la mguu. Gambeto ulikuwa pigo la mweleka: mpiganaji anauingiza mguu wake nyuma ya mguu wa mwenziwe, anaukwatua, na mwenziwe anakwenda chini. Kiswahili kina jina la pigo hilo, tena kina zaidi ya moja. Huko ni kukata mtama, au kupiga ngwala. Kwa maneno mengine, tafsiri sisisi ya gambiti haihitaji kuundwa na kamati yoyote. Ilikuwapo uwanjani tangu zamani.

Aliyelitoa neno hilo mwelekani na kuliweka katika maandishi ya sataranji ni kasisi wa Kihispania, Ruy López, mzaliwa wa Zafra. Alikuwa Roma mwaka 1560 kwa shughuli za kanisa, akacheza na Waitaliano, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu mchezo huo. Humo alitumia neno hilo kwa umbo la Kihispania, gambito, na akalihusisha na usemi wa Kiitaliano wa kumtega mtu mguu. Kwa njia ya Kihispania neno likaingia Kifaransa, na Kiingereza kikalipata katika miaka ya 1650.

Kwa nini mtama? Jibu liko katika namna pigo lenyewe linavyofanya kazi. Mtu anayekata mtama huinua mguu wake mmoja. Kwa nukta hiyo moja amesimama kwa mguu mmoja tu, na kama mwenziwe ni mwepesi, ndiye atakayeanguka. Amekubali udhaifu wa muda ili apate ushindi. Mchezaji wa sataranji anayetoa gambiti hufanya vivyo hivyo: katika hatua za mwanzo kabisa humwachia mpinzani kete yake, aghalabu kitunda, bila ya kukilinda. Hasara ni ya kweli na inaonekana na wote wawili. Anachonunua kwa hasara hiyo ni muda na nafasi, yaani kete zake kutoka haraka na njia zake kufunguka, huku mpinzani akiwa anashughulika na kula.

Gambiti ya mfalme ni mfano ulio wazi. Mweupe anakisogeza kitunda hadi e4, Mweusi anajibu kwa e5, kisha Mweupe anakitoa kitunda kingine hadi f4, mahali ambapo kinaweza kuliwa mara moja. Mweusi akikila, kitunda chake kimevutwa kutoka katikati ya ubao, Mweupe anaweza kuimiliki sehemu hiyo, na ngome yake ina matumaini ya kuitumia njia ya f kumshambulia mfalme. Kwa upande mwingine, mfalme wa Mweupe mwenyewe amevuliwa sehemu ya vazi lake. Huo ndio mguu ulioinuliwa. Mchezo mashuhuri uliochezwa London mwaka 1851 kati ya Mjerumani Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky ulianza kwa gambiti hiyo. Anderssen hakuishia kutoa kitunda. Aliendelea kutoa askofu, ngome zote mbili na hatimaye malkia, kisha akamfunga mfalme wa mwenziwe kwa kete ndogo zilizosalia.

Kuna jambo moja linaloitofautisha gambiti na mtego wa mchezo wa drafti unaochezwa vibarazani. Katika drafti, kwa kanuni za wengi, anayeweza kula lazima ale. Ukimlisha mpinzani kete moja ili uruke mbili, yeye hana hiari. Katika sataranji kitunda kilichotolewa kinaweza kukataliwa, na wachezaji wana majina tofauti kwa gambiti iliyokubaliwa na iliyokataliwa. Basi gambiti ina nguzo tatu: hasara ya kweli anayoianza mtoaji, hiari ya anayepewa, na faida ya nafasi inayotarajiwa baadaye. Nguzo hizi zinafaa kukumbukwa, maana ndizo zitakazokuwa kipimo pindi neno litakapofika sokoni.

Ni haki kusema kwamba neno lilianza kulegea hata kabla ya kutoka ubaoni. Gambiti maarufu kuliko zote masikioni mwa watu wa leo ni ya malkia, hasa tangu riwaya ya Walter Tevis ya mwaka 1983 yenye jina hilo igeuzwe kuwa tamthilia ya televisheni mwaka 2020. Kwa kuitazama kwa makini, gambiti hiyo haitoi sadaka hasa. Mweupe anaweka kitunda d4, Mweusi d5, kisha Mweupe anakitoa kitunda cha c4. Mweusi akikila, kwa kawaida Mweupe hukirudisha kitunda chake baada ya zamu chache. Mweusi akijaribu kuking'ang'ania huenda akaumia. Tuseme Mweupe anasogeza e3, na Mweusi, kwa uchoyo, anaweka b5 ili kukilinda alichokipata. Mweupe anakishambulia kwa a4. Mweusi anakikinga kwa c6. Mweupe anakila kilicho b5, na Mweusi analipiza kwa kitunda cha c6. Sasa malkia wa Mweupe anaruka hadi f3, na mshazari mzima kutoka hapo hadi a8, kwenye kona iliko ngome ya Mweusi, uko wazi. Miraba ambayo ingaliziba njia ilihamwa na vitunda vilivyokuwa vikikilinda kitunda kimoja cha wizi. Mweusi lazima aitoe kete nyingine kubwa kuiokoa ngome. Kwa hiyo kinachoitwa sadaka hapa ni mkopo wenye dhamana, na jina limebaki kwa sababu ya mazoea.

Sasa neno linatoka nje. Kamusi za kihistoria za Kiingereza zinaonyesha kwamba kufikia mwaka 1855 gambiti ilikuwa ikitumiwa kwa maana pana ya hatua ya kwanza inayokusudiwa kumpa mtu nafasi nzuri kuliko mwenziwe. Watu walioitumia hivyo hawakuhitaji kuwa wachezaji hodari. Sataranji ilikuwa mchezo wa vilabu na magazeti, na gambiti ni neno la ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha mafunzo. Anayefungua kitabu na kukiacha baada ya siku tatu atakuwa amekutana nalo.

Lakini ukurasa huo wa kwanza ndio pia uliolijeruhi. Maadamu gambiti hutolewa mwanzoni mwa mchezo, wasikilizaji wa nje walishika dhana ya 'mwanzo' na kuiacha dhana ya 'sadaka'. Ndipo ikazuka maana nyingine kamusini: kauli ya kuanzishia mazungumzo. Mtu anayemuuliza jirani yake garini habari za mvua ametoa, kwa maana hii, gambiti, ingawa hakupoteza chochote ila pumzi. Mwandishi wa Uingereza Stephen Potter, katika vitabu vyake vya dhihaka alivyoanza kuchapisha mwaka 1947, alilicheza neno hilo kwa furaha akilitumia kwa vijihila vya kumbabaisha mpinzani uwanjani na mezani. Dalili ya wazi ya jeraha hilo ni usemi wa Kiingereza unaolivisha neno sifa ya 'kufungulia', kana kwamba kuna gambiti za kufungia. Wasahihishaji wa lugha wameulaumu usemi huo kwa sababu unasema jambo moja mara mbili. Lawama yao ni sahihi ubaoni, lakini inakosa shabaha nje ya ubao. Neno likishaanza kuhitaji kivumishi cha kusema yale ambayo lilikuwa likiyasema lenyewe, limekwisha kuhama, na kumwita mtu mjinga hakutalirudisha.

Biashara ililipokea likiwa katika hali hiyo. Wakufunzi wa mbinu za kujadiliana bei waliligeuza kuwa jina la hila yoyote ya mazungumzo. Roger Dawson, mmoja wa wakufunzi maarufu wa Marekani katika uwanja huo, anazigawa mbinu zake zote kuwa gambiti za mwanzo, za katikati na za mwisho, akiifananisha meza ya mapatano na ubao wa sataranji. Mojawapo ya zile za mwanzo ni kudai zaidi ya unachotarajia kupata. Mkenya yeyote aliyewahi kununua shati Gikomba anaijua mbinu hiyo bila ya kufunzwa: mwenye kibanda hutaja shilingi 800 akijua kwamba atakubali 400. Je, amepoteza nini kwa kutaja 800? Hakuna. Kwa kipimo cha nguzo tatu, hii si gambiti. Ni kupandisha bei ili ishushwe. Nguzo ya hasara imeanguka, na ndiyo iliyokuwa ikilishikilia jengo. Na gambiti 'ya mwisho' ingalimshangaza Ruy López.

Kuna pia mkanganyiko wa sauti. Kiingereza kina neno jingine lenye maana ya kucheza kamari ambalo linaanza kwa silabi ileile. Maneno hayo mawili hayana undugu: moja lilitoka katika mguu wa Kiitaliano, jingine katika neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mchezo na burudani. Hata hivyo yanapowekwa jirani katika habari za kampuni inayojitosa katika soko jipya, wasomaji huyachukua kama pacha. Mcheza kamari hutegemea bahati, na hajui karata inayokuja. Anayetoa gambiti anaona kila kete ya ubao. Anaweza kukosea hesabu, lakini hakuna kilichofichwa. Mfasiri anayeandika 'kamari' mahali pa gambiti anamtuhumu mfanyabiashara kwa kosa ambalo hakulitenda.

Isidhaniwe kwamba hakuna gambiti za kweli katika biashara. Zipo, na mfano mmoja uko karibu na nyumbani. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007, kujiandikisha hakukuwa na malipo, na kuweka pesa hakukuwa na malipo pia. Lakini kila aliyeandikishwa alikuwa gharama: wakala aliyemhudumia alilipwa kamisheni, na kamisheni hiyo ilitoka katika mfuko wa kampuni. Hicho ndicho kitunda kilichotolewa. Mwananchi alikuwa huru kukikataa, na wako waliosubiri kuona kama pesa zinazoingia katika simu zinaweza kutoka. Malipo yalikuja wakati wa kutuma na wakati wa kutoa. Zaidi ya hayo, kumtumia mtu ambaye hajajiandikisha kuligharimu zaidi kuliko kumtumia aliyejiandikisha, hivyo kila mtumaji alikuwa na sababu ya kumhimiza mama yake kijijini ajiunge. Kampuni ilinunua nafasi kwa hasara iliyoonekana katika vitabu vyake, na nafasi hiyo ilikuwa wingi wa watumiaji ambao bila wao mtandao wa kutumiana pesa hauna thamani.

Hata hapa ulinganisho una mpaka wake. Katika sataranji anayekila kitunda ndiye anayekusudiwa kudhurika. Mkulima aliyejiandikisha bure hakudhurika. Alipata njia ya kutuma pesa bila ya kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Wapinzani walikuwa wengine, waliokuwa wakitazama kutoka kando. Mteja wa biashara, kwa hivyo, si mchezaji aliyeketi ng'ambo ya ubao. Ni mraba unaogombaniwa. Mwandishi anayetumia neno gambiti kwa punguzo la bei hana budi kujiuliza ni nani hasa anayekatwa mtama, maana mara nyingi sentensi yake humfanya mnunuzi aonekane mhasiriwa wakati aliyelengwa ni duka la jirani.

Swali la kwa nini istilahi moja ilitoroka na nyingine ikabaki sasa linajibika. Kula kinachopita ni jina la tukio lenye masharti yasiyoishi nje ya miraba sitini na minne: kitunda, safu ya tano, hatua mbili, zamu moja. Ondoa sharti lolote na hakuna kinachobaki cha kufananisha. Gambiti ni jina la nia, na nia huishi popote penye watu wawili wanaoshindana. Hata hivyo kanuni ya en passant ina jambo ambalo wafanyabiashara wangaliweza kulitamani, nalo ni haki inayokufa usipoitumia sasa hivi. Wao huliita jambo hilo kwa majina mengine.

Mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Neno moja halitamtosha, kwa kuwa neno la Kiingereza lenyewe si moja tena. Habari ikihusu kampuni iliyokubali hasara ya kweli ili ipate soko, 'chambo' linafaa, kwa kuwa chambo hugharimu na samaki ana hiari ya kukipita. Ikihusu mfanyabiashara aliyemwangusha mwenziwe kwa werevu, 'kumkata mtama' kuna asili na ladha ya neno la kwanza, tena kunaeleweka uwanjani na ofisini. Ikihusu bei ya juu inayotajwa ili ishushwe, 'bei ya kuanzia' inatosha. Ikihusu maneno ya kuvunja ukimya, kuna 'kianzio cha mazungumzo'. 'Gambiti' yenyewe ibakie kwa wachezaji, pale inapohitajika kutofautisha ya mfalme na ya malkia. Anayeshindwa kuchagua kati ya hizo na arudi katika sentensi ya Kiingereza aitafute hasara. Akiikosa, mwandishi wa sentensi hiyo alikuwa na maana ya 'hila' au 'mbinu', na Kiswahili kinayo maneno hayo yote mawili.